Mgao Haukupungua Wenyewe

Ninakaa Niboye, wilaya ya Kicukiro, na kazi inayonilisha ni kutafsiri ripoti. Kamati za wakimbizi zinaniletea, mashirika yananiletea, na mimi nazigeuza kutoka lugha moja kwenda nyingine mpaka usiku. Mtafsiri hana ruhusa ya kuruka kitenzi. Kila kitenzi lazima akiulize: wewe ni wa nani? Ndiyo maana nimechoka, na ndiyo maana ninaandika.

Juzi nililetewa ukurasa mmoja kuhusu ugawaji wa sabuni katika kambi mojawapo. Shirika silitaji, maana makosa yale si yake peke yake. Ulisema hivi:

"Mgao wa sabuni ulichelewa kwa wiki 2. Orodha ya wapokeaji haikuwa imehuishwa. Wakimbizi walivunja uzio wa ghala. Hali ilidhibitiwa. Baadaye shirika liligawa vipande 2 kwa kila mtu."

Sentensi 5 tu. Someni tena, lakini safari hii mtafute watenda. Mgao ulichelewa, kama basi lililokwama njiani. Orodha haikuhuishwa, na hatuambiwi kazi hiyo ilikuwa ya nani. Kisha ghafla mtu anatokea: wakimbizi, nao wanavunja. Halafu watu wanapotea tena, hali inadhibitiwa, hatujui na askari gani wala kwa njia gani. Mwishoni shirika linaingia mlangoni likiwa na sabuni mkononi. Katika hadithi hii nzima kuna watenda wawili: mkimbizi anayeharibu na shirika linalotoa. Ubaya mwingine wote ulijitendekea wenyewe.

Nilimpigia simu kijana aliyeiandika. Nikamuuliza, "Mwanangu, nani hakuhuisha orodha?"

"Papa, hiyo ndiyo lugha ya ofisi. Tulifundishwa ripoti isitaje watu, ili isiegemee upande."

"Na wale waliovunja uzio, wao si watu?"

Akanyamaza, halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa. Kumbe alikuwa anajua kila kitu. Ofisi ya usajili ilitakiwa kutuma orodha tarehe 5 na ikaituma tarehe 19. Ghala lilikuwa na sabuni muda wote. Kijana hakuwa mwongo. Aliamini tu kwamba kumficha mtenda ni kutopendelea. Imani hiyo ndiyo ninayopigana nayo hapa, kwa sababu imeenea kuliko malaria.

Tuanze na lugha yenyewe. Watu waliosoma kwa Kiingereza husema kuna kauli mbili, ya kutenda na ya kutendwa, na mafunzo mengi ya ofisini yanaishia hapo. Kiswahili kina ya tatu, na hiyo ndiyo hatari zaidi. Chukua kikombe. Nikisema "Amina alivunja kikombe", Amina yuko mbele ya macho yako. Nikisema "kikombe kilivunjwa", Amina ametoka chumbani, lakini alama ya -wa imebaki na inakuambia kwamba kuna mkono uliofanya. Bado unaweza kuuliza: kilivunjwa na nani? Sasa nikisema "kikombe kilivunjika", hata swali limekufa. Huwezi kusema "kilivunjika na Amina". Sarufi yenyewe inakataa. Walimu wanaiita kauli ya kutendeka, na kazi yake halali ni kueleza hali: chungu kimepasuka, kamba imekatika, mlango umefunguka kwa upepo. Ofisi imeichukua na kuifanyia kazi nyingine.

Si -ka peke yake. Vitenzi kama kupungua, kuchelewa, kupotea na kukwama vinafanya vilevile bila kuvaa alama yoyote. Ndiyo maana ninasema kutendwa si adui mkubwa. Kutendwa kunamficha mtenda nyuma ya pazia, na miguu yake inaonekana chini. Kutendeka na wenzake kunasema hakukuwa na mtu kabisa.

Hapa Rwanda tulijifunza tofauti hiyo kwa tumbo. Mwezi wa Januari 2018, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza msaada wa chakula kwa wakimbizi kambini kwa asilimia 25, kwa sababu fedha kutoka kwa wafadhili hazikutosha. Sentensi hiyo ndiyo ya kutenda. Sasa sikilizeni jinsi habari hiyohiyo inavyoweza kusemwa. "Mgao ulipunguzwa kwa asilimia 25 kwa sababu ya ukosefu wa fedha." Au: "Mgao ulipungua." Ya mwisho utaisikia hata midomoni mwetu sisi wenyewe, kwenye foleni, kwa mama aliyebeba ndoo tupu: mgao umepungua. Mto hupungua wakati wa kiangazi, na maziwa ya ng'ombe mzee hupungua. Mgao ni namba iliyoandikwa na mtu mezani, naye alikuwa na sababu zake, na pengine nzuri.

Mfanyakazi wa shirika anayesoma hapa asikasirike. Angalia vizuri kile sentensi ya kutenda inachokufanyia wewe. Ukiandika "WFP ilipunguza mgao kwa sababu wafadhili walitoa fedha pungufu kuliko ilizoomba", umetaja watenda wawili badala ya mmoja, na wa pili ndiye mwenye mfuko. Lawama imefuata njia yake. Ukiandika "ulipunguzwa", hujamkinga mtu. Umemwachia msomaji nafasi tupu, naye ataijaza na yule aliye karibu zaidi: wewe uliyesimama kwenye meza ya ugawaji na fulana yenye nembo.

Tena kuna mchezo mdogo wa kuangalia baada ya -wa. Mtenda wa kauli ya kutendwa huletwa na neno "na": alipigwa na askari. Kifaa au sababu huletwa na "kwa": alipigwa kwa rungu. Katika ripoti nyingi mahali pa "na" pamekaliwa na "kwa". Ulifungwa kwa sababu za kiusalama. Zilisitishwa kwa kuzingatia mwongozo. Msomaji anahisi ameshajibiwa, maana kuna maneno mahali ambapo jibu hukaa. Lakini aliuliza nani, akapewa kwa nini. Ukikuta -wa, tafuta "na". Ukikuta "kwa" tu, jua bado unadaiwa.

Kama mtu anadhani haya ni mambo ya darasani, atembee nami kidogo hapa Kicukiro. Ilikokuwa shule ya ufundi ya ETO, ya mapadre Wasalesiani, leo kuna chuo cha ufundi. Mwezi wa Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, watu wapatao 2,000 walikimbilia pale, kwa sababu wanajeshi wa Ubelgiji waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR, walikuwa wamepiga kambi ndani. Tarehe 11 Aprili raia wa kigeni walichukuliwa, kisha wanajeshi nao wakaenda zao. Interahamwe na askari wa serikali ya wakati ule waliingia, wakawapeleka watu kwa miguu kuelekea Nyanza ya Kicukiro, na huko wakawaua kwa risasi, maguruneti na silaha za mkononi. Wachache walipona. Kila mwaka tarehe 11 Aprili watu hukusanyika Nyanza kuwakumbuka.

Kuhusu mauaji yenyewe, kauli inajulikana na haina mjadala. Watu wale hawakufa tu, waliuawa, na waliowaua wana jina. Kufa, kuuawa, kuuawa na Interahamwe: katika nchi hii, anayechagua neno la kwanza pale panapostahili la tatu amekwisha kueleza msimamo wake, hata akisema alitaka tu kufupisha.

Lakini tazama kitenzi kingine, kile cha wanajeshi. Waliondoka? Waliondolewa? Au fulani aliwaondoa? Vitenzi vitatu, na juu ya tofauti yao watu wamebishana kwa miaka mingi. Mwezi wa Desemba 1999 tume huru iliyoongozwa na Ingvar Carlsson, waziri mkuu wa zamani wa Sweden, ilitoa ripoti juu ya mwenendo wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda. Ilikuwa ripoti kali. Ilisema namna wanajeshi walivyoondoka ETO, pamoja na kujaribu kuwafanya watu waamini kwamba hawaondoki, ilikuwa ya aibu. Lakini ilipofika kwenye amri, ikasema kwa sharti: kama uamuzi mkubwa hivyo ulichukuliwa bila amri ya kamanda wa kikosi, basi uongozi ndani ya UNAMIR ulikuwa na kasoro nzito. Ulichukuliwa. Na nani? Pale pana -wa isiyo na "na".

Mimi siilaumu tume kwa sentensi hiyo. Iliweka "kama", yaani ilionyesha wazi kwamba hapa pana shimo. Tofauti ya -wa ya mkweli na -wa ya mjanja iko hapohapo: mkweli anaweka alama kando ya shimo, mjanja anatandika mkeka juu yake.

Shimo lile halikuzibika lenyewe. Waliopona, pamoja na familia ya Boniface Ngulinzira, waziri wa zamani wa mambo ya nje aliyekuwa amekimbilia ETO na akauawa siku ileile, walikwenda mahakamani Brussels. Mwaka 2010 mahakama ya mwanzo ilisema uamuzi wa kuondoka ETO ulifanywa chini ya mamlaka ya Ubelgiji, si ya UNAMIR. Kwa lugha yetu: Ubelgiji iliwaondoa. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikapindua: kitendo kile ni cha Umoja wa Mataifa, si cha Ubelgiji. Na Umoja wa Mataifa una kinga, haushtakiwi kwenye mahakama za nchi. Kwa hiyo kubadilisha mtenda wa kitenzi kimoja kulitosha kuondoa mlango wa kubisha. Nani aliwaondoa? Miaka 24, mahakama mbili, majibu mawili. Mtu anayeniambia kauli ni pambo la uandishi nitampeleka Nyanza asimame pale kidogo.

Sasa nisieleweke vibaya. Kuna vijana waliotoka kwenye semina wamebeba sheria mpya: andika kutenda siku zote, futa kila -wa. Huo nao ni upofu. Kauli ya kutendwa ina kazi zake halali, na mimi naziona tatu.

Ya kwanza, mtenda hajulikani. "Usiku wa kuamkia Jumanne kufuli la kituo cha maji lilivunjwa." Ni sawa kabisa. Usiandike "vijana walivunja kufuli" kwa sababu tu mlinzi aliona vijana wakipita. Ila ongeza sentensi moja: aliyevunja hajajulikana, na kamati ya usalama inachunguza. Hapo umeweka alama kando ya shimo.

Ya pili, mtenda anajulikana lakini kumtaja kutamuumiza asiye na hatia. Mama anakuja kusema nani anamdai rushwa ili jina lake liingie kwenye orodha. Ukiandika katika ripoti inayozunguka ofisi 6, "Mama wa nyumba ya kona alitueleza kwamba karani fulani...", umemuuza. Hapo andika "tuliarifiwa", na jina likae kwenye faili la siri, kwa kauli ya kutenda, pamoja na tarehe na kiasi. Tukio moja, karatasi mbili, kauli mbili. Kosa ni pale karatasi ya pili haipo popote, na "tuliarifiwa" inakuwa kaburi la malalamiko.

Ya tatu, anayeongelewa ni mtendwa, na mtenda hana uzito. "Watoto 40 walichanjwa." Hatuhitaji jina la muuguzi. Lakini ona: watoto hao wasipochanjwa, mtenda anapata uzito mara moja. Anayeandika "walichanjwa" na anayeandika "hawakuchanjwa" hawana ruhusa sawa. Jambo jema linaweza kukaa bila mwenyewe. Jambo lililoshindikana linadai mwenyewe, kwa sababu mwezi ujao lazima mtu alifanye.

Upande wa pili, kauli ya kutenda nayo inajua kudanganya. "Mfumo ulikataa jina lake." "Changamoto za usafiri zilichelewesha mahindi." Sarufi imetimia, mtenda yupo, lakini mtenda mwenyewe ni kompyuta na hewa. Nani aliingiza tarehe ya kuzaliwa kimakosa? Nani hakukodi lori la pili? Mtenda wa kweli ni yule unayeweza kumwandikia barua.

Na mbaya kuliko zote ni ile ya kutenda inayompa mtendwa kazi ambayo hakuifanya. Nimesoma katika ripoti za shule: "Wasichana 3 walipata mimba na kuacha masomo." Walipata, kama mtu anayepata zawadi. Kiswahili kina "walipewa mimba", na mtaani watu husema hivyo bila kuona aibu. Kina pia "kuolewa" na "kuozwa". Mtoto wa miaka 15 anayeandikiwa "aliolewa" amefanywa mke. Akiandikiwa "aliozwa", msomaji anauliza na nani, na baba au mjomba anaanza kutoka jasho. Hapo -wa ndiyo inayofichua, na kauli ya kutenda ndiyo inayoficha. Kwa hiyo sheria haiwezi kuwa "tenda" au "tendwa". Ni swali moja: baada ya kusoma sentensi hii, aliyeumia anajua mlango gani wa kugonga?

Najua jibu la watu wa ofisi, wameniambia mara nyingi. "Tukitaja majina tutapelekwa mahakamani. Tutafukuzwa." Sawa, na mimi sitaki kijana yeyote apoteze kazi. Lakini nani alisema majina? Taja ofisi, au taja wadhifa. Uwajibikaji wa shirika unakaa kwenye kiti, na anayekikalia leo anaweza kubadilika kesho. "Ofisi ya usajili ilituma orodha tarehe 19 badala ya tarehe 5" haimtukani mtu. Inasema nini kifanyike: ofisi hiyo ipewe tarehe, na mtu wa kuifuatilia.

Ile ripoti ya sabuni tuliiandika upya kwa simu, mimi na yule kijana, kwa muda wa chai moja. Ikawa hivi:

"Tulipanga kugawa sabuni tarehe 7. Tuligawa tarehe 21. Ofisi ya usajili ilitakiwa kututumia orodha tarehe 5, ikaituma tarehe 19. Sabuni ilikuwa ghalani tangu mwanzo wa mwezi, na sisi hatukuwaeleza wakazi sababu ya kuchelewa. Tarehe 16 kundi la wakazi lilivunja sehemu ya uzio wa ghala. Walinzi wetu walizungumza nao na wakaondoka. Hakuna aliyeumia. Tarehe 21 tuligawa vipande 2 kwa kila mtu."

Imeongezeka urefu, ndiyo. Lakini angalieni uzio. Katika ya kwanza, wakimbizi wote walivunja, bila sababu, kama wendawazimu. Katika ya pili, kundi la wakazi lilivunja baada ya siku 9 za kusubiri sabuni iliyokuwa ndani ya macho yao, bila mtu kuwaambia neno. Kosa lao halikufutwa, limebaki kwa kauli ya kutenda kama linavyostahili. Kilichobadilika ni kwamba wengine nao wamepata vitenzi vyao. Na ile "hali ilidhibitiwa", iliyonitisha mimi msomaji nikawaza virungu, kumbe ilikuwa mazungumzo! Mtenda aliyefichwa alikuwa mtu aliyefanya vizuri, na ripoti ikamnyang'anya hata sifa yake.

Sentensi ngumu kwa kijana ilikuwa moja tu: "sisi hatukuwaeleza wakazi". Alitaka iwe "wakazi hawakuelezwa". Nikamwambia, chagua wewe, ripoti ni yako. Akakaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani salio limekwisha. Mwisho akasema, "Iache hivyo, Papa. Ni kweli hatukuwaeleza."

Aliituma. Mkuu wake alimrudishia akiwa amebadilisha neno moja. Badala ya "sisi" aliandika "timu ya uwanjani". Nimeitafsiri hivyo, maana ndivyo ninavyolipwa. Lakini nataka wasomaji wa jarida hili, wa kambini na wa maofisini, mjue kwamba timu ya uwanjani ni kijana yule mmoja, na kwamba mwenye ufunguo wa taarifa hakuwa yeye.